Soseji nne kwa gramu 100 za nyama

Wauza chipsi wa jioni hapa Mtwara huweka soseji pembeni ya mayai, na swali ninaloulizwa sana ni kama soseji mbili zinatosha kuwa mboga ya mtoto. Jibu linaanzia kwenye mashine ya kusagia.

Chukua mchanganyiko wa kilo 10 wa soseji laini za bei ya kati, kwa mfano: nyama nyekundu kilo 5, mafuta kilo 2, barafu kilo 2, wanga gramu 800, chumvi na viungo gramu 200. Nyama mbichi ina protini kama gramu 20 kwa kila gramu 100, kwa hiyo kilo 5 zinatoa gramu 1,000. Vinyama vilivyoshikana na mafuta vinaongeza kama gramu 100. Barafu na chumvi hazina kitu, na wanga una protini kidogo mno. Jumla ni gramu 1,100, yaani gramu 11 tu kwa kila gramu 100 za soseji.

Barafu yenyewe si wizi. Chumvi huitoa protini ya msuli, ikawa gundi inayofunika chembe za mafuta. Visu vikipasha moto mchanganyiko, mafuta hulainika, hujitenga, na soseji hutoka na vifuko vya mafuta. Barafu huzuia hilo. Ila ikishayeyuka, maji yanabaki ndani na mnunuzi anayalipia kwa bei ya soseji. Wanga ndio unaoyashika: ukipata moto hufanya kama uji wa muhogo unapoanza kuwa mzito. Ndiyo maana soseji hainywei kikaangoni kama nyama inavyonywea.

Hapo ndipo watu wanapokosea kulinganisha. Soseji nyingi hutoka kiwandani zimeshapikwa. Gramu 100 za nyama mbichi zikiiva hubaki kama gramu 70, lakini protini yake, zile gramu 20, karibu yote imo. Kupata kiasi hicho kwa soseji za gramu 50, unahitaji karibu nne, na kwa mchanganyiko wetu hizo nne zinakuja na mafuta kama gramu 40. Nyama ile nyekundu ina kama gramu 5.

Kwenye pakiti, viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi kwa uzito. Maji yakiwa ya pili, hesabu umeshaijua. Tazama pia protini kwa gramu 100, lakini kumbuka soya huipandisha namba hiyo bila nyama kuongezeka.

Ukitaka kuuona wanga kwa macho, kata soseji, dondoshea ayodini ya duka la dawa kwenye sehemu iliyokatwa. Penye wanga hugeuka bluu iliyokoza hadi nyeusi. Haitakuambia ni kiasi gani, wala haioni soya. Kipande hicho tupa, usile.