Usisubiri simu izime ndipo uichaji

Kati ya imani potofu tunazozijibu kwenye video hii, inayochosha betri nyingi ni ile ya kusubiri chaji iishe kabisa. Ushauri huo ulikuwa na maana enzi za betri za nikeli, ambazo aina fulani zilipungua uwezo zikichajiwa nusunusu. Simu janja zinatumia betri za lithiamu, na hizo hazina tabia hiyo.

Unapochaji, lithiamu inaingia kwenye tabaka la grafaiti ndani ya betri; unapotumia simu, inatoka. Tabaka hilo linatanuka na kusinyaa kila mara. Safari ndefu ya kutoka 0 hadi 100 inalichosha kuliko safari fupi, kwa hiyo kuchomeka simu ikiwa na asilimia 30 na kuichomoa ikifika 80 ni matumizi mazuri kabisa.

Kulaza simu kwenye chaji nako kunaogopwa kwa sababu isiyo sahihi. Simu haijazwi kupita kiasi. Volti zikifika kikomo, ambacho kwenye simu nyingi za sasa ni karibu 4.4, umeme unaoingia unapunguzwa kidogokidogo kisha unakatwa. Tatizo ni kwamba betri inakaa imejaa kwa saa nyingi, na ikiwa chini ya mto inakaa imejaa huku ina joto. Vitu hivyo viwili vikikutana, kemikali za ndani zinaharibika haraka. Iweke juu ya meza, vua kava kama ni nene, na kama mipangilio ya betri ina kikomo cha asilimia 80, kiwashe. Dereva wa bodaboda anayechaji simu ikiwa kwenye usukani juani anaiumiza zaidi kuliko anayeilaza kwenye chaji usiku kucha mezani.

Sasa chukua simu inayozima ghafla ikiwa na asilimia 20 mara tu unapofungua kamera. Wengi huambiwa waimalize chaji na kuijaza tena ili "ijipange". Hilo linaweza kusahihisha namba inayoonekana kwenye skrini, lakini haliirudishii betri nguvu. Betri iliyochoka ina ukinzani mkubwa ndani yake. Kamera inapovuta umeme mwingi kwa mpigo, volti zinashuka chini ya kiwango ambacho simu inahitaji, nayo inajizima ingawa chaji bado ipo. Ukiichomeka ikawaka papo hapo na kuonyesha asilimia zilezile, dalili inaelekea kwenye betri, na dawa yake ni kuibadilisha.

Simu ya akiba usiiweke kabatini ikiwa sifuri. Betri inaendelea kupoteza chaji taratibu, na ikikaa chini sana kwa miezi, shaba iliyo ndani huanza kuyeyuka na inaweza kusababisha shoti siku utakapoichaji. Izime ikiwa na karibu nusu ya chaji, kisha iongeze kila baada ya miezi sita. Ukikuta kioo kimeinuka au mfuniko wa nyuma umeachia, betri imevimba kwa gesi: usiichaji, usiibonyeze wala kuitoboa, mpelekee fundi.