Bei ina asilimia 50: ya nini hasa?

“Utafiti umeonyesha bei ina uzito wa asilimia 50, kwa hiyo wateja wa bando wanajali bei kuliko kitu kingine.”

Si lazima. Kwenye utafiti wa aina hii mteja huoneshwa bando mbili tatu na kuchagua moja: GB 1 ya saa 24 kwa shilingi 1,000, au GB 1 ya siku 7 kwa 2,000. Machaguo yake hugeuzwa kuwa alama, na uzito wa sifa, yaani bei, muda au GB, ni pengo kati ya kiwango chake bora na duni, likigawanywa kwa jumla ya mapengo ya sifa zote.

Tuseme bei ya 1,000 hadi 3,000 ina pengo la alama 4, muda alama 2, na kiasi cha GB alama 2. Bei ni nusu. Sasa fanya jaribio la pili ambalo bei inaishia 2,000: kama alama hushuka sawasawa, pengo la bei linabaki 2, yaani theluthi. Wateja ni walewale!

Mimi ningeripoti shilingi. Alama 4 kwa tofauti ya shilingi 2,000 maana yake siku 7 badala ya saa 24, zenye alama 2, zina thamani ya 1,000, na jibu hilo halibadiliki kwenye jaribio la pili. Ila usilipeleke kwenye bando la 10,000 ambalo hukuliuliza.