Chokea, au uvimbe wa nyuma ya jicho?

Chokea ni kijipu. Kinaota ukingoni mwa kope, pale pale nywele zinapoanzia, baada ya tezi ndogo kuziba na kuingiwa na bakteria. Ukimuuliza mtoto panauma wapi, anaonyesha sehemu moja kwa ncha ya kidole. Jicho lenyewe linaona na linazunguka bila shida. Kitambaa safi kilicholowekwa maji ya moto ya kuvumilika, dakika 10, mara nne kwa siku, na mkono usikiminye. Mara nyingi wiki moja au mbili kimekwisha.

Sasa tuseme mtoto wa miaka 6 pale Nansio, Ukerewe. Ana mafua wiki nzima, makamasi mazito. Leo kaamka na homa, kope ya kulia imevimba yote, nyekundu, ina joto. Bibi yake anasema, "Hicho chokea tu, mjukuu wangu." Lakini kijipu hakionekani popote.

Hapo mafua ndiyo ya kutiliwa shaka. Kati ya pua na jicho kuna vishimo vya hewa, na ukuta unaovitenga na tundu la jicho ni mfupa mwembamba kama karatasi. Usaha ukijaa humo, maambukizi hupenya. Yakibaki mbele, kwenye kope, ni ugonjwa wa kutibiwa siku hiyo hiyo, lakini jicho halijaguswa. Yakivuka ule utando unaotenga kope na tundu, yanafika kwenye misuli na mshipa wa kuonea. Tundu ni la mfupa, halitanuki, kwa hiyo jicho husukumwa mbele.

Nawa mikono, fungua kope taratibu. Mwambie afuate kidole chako bila kugeuza kichwa: je, jicho linagoma, au analia kwa maumivu linapozunguka? Simama nyuma yake, mwinamishe kichwa nyuma kidogo, utazame kutokea juu ya paji la uso: je, jicho moja limetokeza kuliko jingine? Ziba lile zima, mwonyeshe kitu chekundu: je, anakiona kimefifia? Kisha atazame kwa macho yote mawili: je, anaona viwili? Jibu moja la ndiyo linatosha kushuku kwamba maambukizi yamefika ndani. Na kama kope haifunguki kabisa, hesabu kwamba yamefika ndani mpaka daktari akatae.

Matone ya duka la dawa hayafiki huko. Anahitaji kulazwa, antibiotiki ya mshipani, mara nyingi na picha ya siti skani, na pengine upasuaji wa kutoa usaha. Mshipa wa kuonea ukibanwa, uono unaweza kupotea ndani ya saa chache. Akianza kutapika, kuumwa sana kichwa au kusinzia ovyo, huenda maambukizi yanaelekea kwenye ubongo.

Akipewa rufaa ya kuvuka ziwa kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, omba sindano ya kwanza achomwe hapo hapo hospitali ya wilaya. Kungoja meli bila dawa ndiko kunakogharimu jicho.