Pampu ya shimoni inapogoma siku ya mvua

Je, kwa nini pampu ya kutoa maji ya besimenti haiwaki mvua kubwa inaponyesha, na nianzie wapi kuikagua?

Mara nyingi mota yenyewe haina kosa. Katika jiji kama Dar es Salaam, masika yakishaisha mwezi Mei, pampu ya shimoni inaweza kukaa hadi vuli ya Oktoba bila kupata maji ya kutosha kuiwasha. Katika miezi hiyo mchanga hutuama chini ya shimo, mafuta yanayodondoka kutoka kwenye magari huganda juu ya floti, yaani swichi inayoelea na kuiwasha pampu maji yakipanda, na kiungo cha waya kilicholegea hukaa bila kugunduliwa kwa kuwa hakuna umeme unaopita hapo. Siku pampu inapotakiwa kuwaka ndiyo siku yenyewe ya mvua, na hakuna aliyeijaribu kabla.

Tuchukue mfano wa nyumba ya ghorofa ya Upanga, yenye maegesho ya magari chini ya ardhi. Kwenye kona iliyo chini kuliko zote kuna shimo la sentimita 40 kwa 40, na ndani yake pampu ya kuzama ya fezi moja, volti 230, yenye floti iliyoungwa kwa waya wake. Kutoka kwenye pampu, bomba lenye upana wa ndani wa milimita 50 hupanda hadi mtaro wa barabarani, urefu wa mita 6 hivi. Mvua inanyesha, maji yamefika vifundoni, na pampu iko kimya.

Jambo la kwanza ni kutokuingia kwenye maji hayo. Waya wa pampu ukiwa umechubuka, maji yenyewe huweza kuwa na umeme, kwa hiyo sakiti ya pampu huzimwa kwenye boksi la breka, mradi boksi hilo liko mahali pakavu na linafikika bila kukanyaga maji. Likiwa limezingirwa na maji, anaitwa fundi umeme akate umeme wa jengo zima kutoka nje.

Ukaguzi wa umeme unaanzia papo hapo kwenye boksi. Taa za maegesho kuwaka si ushahidi kwamba pampu ina umeme, kwa sababu kwa kawaida pampu huwa na sakiti yake peke yake. Vilevile umeme wa mtaa unapokatika na jenereta ikawashwa, huenda sakiti ya pampu haikuunganishwa upande wa jenereta, kosa ambalo halionekani mpaka usiku wa dhoruba. Ikiwa breka imeshuka, irudishwe mara moja tu. Ikishuka tena hapo hapo, pampu ichomolewe kwenye soketi yake kukiwa hakuna umeme, kisha breka ijaribiwe bila pampu. Ikitulia, tatizo liko kwenye pampu au waya wake. Ikiendelea kushuka, liko kwenye nyaya za jengo au kwenye soketi iliyoingiwa na maji. Breka inayokata umeme unaovuja, ambayo kwa kawaida huwekwa kwenye kiwango cha miliampia 30, hushuka kwa sababu umeme unapita mahali usipotakiwa, na kuipita kwa kuunganisha waya moja kwa moja ni kuondoa kinga pekee ya mtu atakayegusa maji.

Sauti nayo husema mengi. Pampu inayonguruma bila kuvuta maji inapata umeme, lakini impela yake, gurudumu linalosukuma maji, imebanwa na mchanga au kitambaa, au kapasita ya kuanzishia mota imekufa, au volti imeshuka mno. Izimwe ndani ya sekunde chache, kwa maana mota iliyosimama huku ikivuta umeme hupata joto haraka sana. Pampu isiyotoa sauti yoyote, na umeme ukiwa umethibitishwa kufika, humpeleka mkaguzi kwenye floti.

Ndani ya floti nyingi za aina hii mna kitufe kidogo na kagololi kazito. Maji yakipanda, floti huinuka na kupinduka, gololi huviringika na kubonyeza kitufe, na mota huwaka. Maji yakishuka, floti huning'inia na gololi huachia. Urefu wa waya ulioachwa huru ndio unaoamua pampu iwake maji yakiwa wapi na izime yakiwa wapi. Ukiwa mrefu kuliko nafasi iliyopo, floti hugota kwenye ukuta wa shimo au huingia chini ya mkono wa pampu, na maji yanaweza kujaa juu yake yenyewe ikiwa imelala. Katika shimo la sentimita 40 hilo hutokea kwa urahisi, hasa pampu ikishasogea kidogo kwa mtikisiko wake.

Kuijaribu hakuhitaji kifaa cha bei. Umeme ukiwa umezimwa, kamba ya nailoni hufungwa kwenye waya karibu na floti, kisha mtu husimama pakavu, umeme hurudishwa, na kamba huvutwa mpaka floti ielekee juu. Pampu ikiwaka, swichi ni nzima na shida ni nafasi au uchafu: floti ioshwe kwa sabuni, na waya wake ufupishwe kwenye kishikio. Isipowaka, umeme uzimwe tena na fundi apime ncha za waya wa floti kwa kipimo cha umeme. Floti ikiinuliwa kipimo kionyeshe njia ya umeme imeunganika, ikishushwa kionyeshe imekatika. Isipobadilika, floti imekufa. Ikitikiswa na kusikika maji ndani, haina haja ya kupimwa.

Inabaki pampu iliyokuwa ikifanya kazi mwanzoni mwa mvua kisha ikanyamaza, na hapa wengi hubadilisha mota bure wakati kosa liko kwenye bomba. Katika mfano wetu, bomba lile la mita 6 hubeba karibu lita 12. Valvu ya kuzuia maji kurudi ikiwa imeharibika, kila pampu inapozima lita hizo hurudi shimoni, na katika shimo la ukubwa huo hupandisha maji kwa zaidi ya sentimita 7. Floti yenye waya mfupi huinuka tena, pampu huwaka, hutoa lita zile zile, huzima, na mzunguko huanza upya. Kila kuwaka huvuta umeme mwingi, mota hupata joto, na kinga ya joto iliyo ndani yake huizima mpaka ipoe. Mkaguzi anayefika wakati huo huikuta imekufa; akirudi baada ya nusu saa huikuta inawaka. Ili kulithibitisha, pampu iachwe izime yenyewe huku ukisikiliza: maji yakisikika yakiporomoka ndani ya bomba, valvu haifungi.

Valvu inaweza pia kuganda ikiwa imefunga, au hewa ikanaswa kati yake na pampu, na hapo pampu huwaka bila maji kutoka. Ndiyo maana mafundi hutoboa tundu dogo la milimita 3 hadi 5 kwenye bomba, chini ya valvu, ili hewa itoke. Mwisho wa bomba nao utazamwe mvua ikiendelea. Ukiwa umezama ndani ya mtaro uliofurika, na valvu haifungi, maji ya barabarani hushuka kwa njia ya bomba na kuingia besimenti kila pampu inapozima, kwa hiyo mdomo wa bomba huinuliwa juu ya usawa wa juu kabisa ambao mtaro huo hufika.