Msawazo wa tafakuri: kanuni na hukumu ya moyo zinaposahihishana

Dawa iliyobaki ni dozi moja. Yupo mgonjwa ambaye hatapona asipoitumia yote, na wapo wengine watano ambao kila mmoja inamtosha sehemu moja ya tano. Uamuzi ni wako. Wengi wetu tutawapa wale watano, na tukiulizwa kwa nini, tutataja kanuni: usipoweza kuwaokoa wote, okoa walio wengi.

Mfano huo aliutoa mwanafalsafa Philippa Foot mwaka 1967, naye hakuishia hapo. Tuseme sasa dawa hakuna kabisa, ila ukimuua mtu fulani mzima, mwili wake utatengenezewa dawa ya kuwaponya watano. Hesabu haikubadilika, kanuni ni ileile, lakini moyo unakataa katakata.

Hapo watu hukimbilia upande mmoja. Kuna wanaosema kanuni ni kanuni, moyo utazoea. Wengine wanaitupa kanuni na kufuata moyo. Msawazo wa tafakuri ni kukataa kumfanya yeyote kati ya hao wawili hakimu wa mwisho. Nelson Goodman aliueleza utaratibu huu mwaka 1955 alipokuwa akizungumzia mantiki: kanuni hurekebishwa ikizaa hitimisho ambalo hatuko tayari kulikubali, na hitimisho hukataliwa likivunja kanuni ambayo hatuko tayari kuibadili. John Rawls ndiye aliyeupa jina hilo, na mwaka 1971 akautumia kwa maswali ya haki.

Kwanza hukumu huchujwa. Rawls aliziweka kando zile zinazotolewa kwa hofu au fadhaa, na zile ambazo mwenye kuhukumu ana faida yake humo. Hukumu yetu dhidi ya kuua inapita kwenye chujio hilo. Ukiirudia kesho umetulia, huna chako cha kupata, bado iko palepale. Basi kinachopaswa kusogea ni kanuni. Foot alipendekeza kwamba wajibu wa kutodhuru una uzito kuliko wajibu wa kusaidia, hivyo tunaweza kusema: okoa walio wengi, mradi usimdhuru mtu ili kufanya hivyo.

Angalia kwamba hatukusema “okoa walio wengi, isipokuwa kwa kumgeuza mtu dawa.” Hicho ni kiraka. Kinaziba tundu moja na hakielezi lolote. Marekebisho ya kweli huwa na la kusema hata kuhusu kesi ambazo hayakutungiwa.

Tuijaribu basi. Turudi kwenye dozi moja, lakini yule mgonjwa mmoja amelala mbele yako, anakushika mkono, na wale watano wako chumba cha mbali. Moyo unamwelekea yeye. Kanuni mpya inasema wape watano, kwa sababu kutompa si kumdhuru. Nani asogee safari hii? Badilisha vyumba, watano wawe mbele yako na mmoja awe mbali. Hukumu ikigeuka nayo, umegundua kilichokuwa kikikuvuta: macho yako tu. Ni wachache watakaotetea sababu hiyo wakiitamka kwa sauti. Safari hii ni moyo unaosahihishwa.

Kesi ya tatu ni ngumu zaidi, na kwangu ndiyo tamu. Mtungi wa oksijeni umeshaunganishwa kwa mtu mmoja, nao ukigawanywa ungewatosha watano. Kumwondolea ni kumdhuru, au ni kuacha kumsaidia? Kanuni haijibu mpaka tuseme kudhuru ni nini. Kama mtungi ni mali yake, wengi wataona kuuchukua ni kumdhuru. Kama ni wa hospitali, watu makini hugawanyika. Kwa hiyo hatuwezi tena kupima kanuni na hukumu peke yake; inabidi tuingize mezani nadharia za umiliki, na za haki ya mtu juu ya msaada ulioanza kumfikia. Huo huitwa msawazo mpana, na Norman Daniels aliutetea kwa kina mwaka 1979.

Upana huo una kazi nyingine. Mwaka 1980 Stephen Stich na Richard Nisbett walimleta mcheza kamari anayeamini kwamba bahati ikigoma mara nyingi mfululizo, zamu yake imekaribia. Kanuni yake na hukumu zake zinapatana vizuri kabisa, na zote ni kosa. Nadharia ya uwezekano ikiingizwa, mapatano hayo yanavunjika, kwa kuwa sarafu haikumbuki ilivyoanguka mara iliyopita.

Kwenye maadili hatuna sarafu ya kurusha na kuhesabu. Watu wawili wanaweza kuanza na hukumu tofauti kuhusu ule mtungi, wakachuja kwa uaminifu, wakaishia kwenye misawazo miwili isiyopatana. Rawls alilitaja swali la kama msawazo ni mmoja tu kwa wote, akaliacha wazi.