Kuchora mchoro wa Bode kwa mkono, kuanzia transfa fanksheni hadi akiba ya fezi

Mchoro wa Bode unaonyesha jinsi mtambo unavyoikuza na kuichelewesha ishara kwa kila masafa. Kompyuta inauchora kwa sekunde moja, lakini bado nawachoresha vijana wangu kwa penseli kwenye karatasi ya logi. Anayeuchora kwa mkono huona ni kipande gani cha mtambo kinachokula fezi, yaani kinachoichelewesha ishara, na akibadilisha geini, yaani kiasi cha ukuzaji, anajua mstari utakwenda wapi kabla hajabonyeza kitu. Leo nitatumia mfano mmoja tu: mota ya DC inayozungusha antena hadi pembe uliyoiagiza, huku kihisi kikirudisha habari ya pembe ilipofikia.

Mkondo kwenye koili za mota unachelewa nyuma ya volteji kwa takriban sekunde 0.01. Mwendo wa rota pamoja na mzigo wake unachelewa zaidi, takriban sekunde 0.1. Pembe yenyewe ni mwendo unaojumlishwa kadiri muda unavyopita, na hapo ndipo `1/s` inapotokea, `s` ikiwa kigezo cha Laplace kinachobeba masafa. Ukiweka pamoja kikuza nguvu, mota na kihisi, kabla hujafunga kitanzi cha mrejesho, unapata transfa fanksheni, yaani uwiano wa ishara inayotoka kwa ile inayoingia:

```
L(s) = 20000 / ( s (s + 10)(s + 100) )
```

Kosa la kwanza ninaloliona kila mara liko hapa. Mtu anaiona 20000, anahesabu 20·log10(20000), anapata desibeli 86, na anaanza kuchora kutoka juu huko. Mchoro wake wote unakuwa juu kwa desibeli 60, yaani geini mara 1000 ya ile ya kweli. Kila mabano lazima kwanza yaandikwe kwa namna ambayo, `s` ikiwa sifuri, yanabaki 1. Toa 10 kwenye mabano ya kwanza na 100 kwenye ya pili. Zinazidishana kuwa 1000, nayo inagawanya 20000:

```
L(s) = 20 / ( s (1 + s/10)(1 + s/100) )
```

Sasa kila kitu kinasomeka. Geini ni 20, na masafa ya kona ni 10 na 100, kwa rediani kwa sekunde. Kona ni pale ambapo sehemu ya `s` ndani ya mabano inalingana na 1: chini ya hapo mabano hayafanyi lolote la maana, juu ya hapo `s` ndiyo inayotawala.

Weka masafa kwenye mhimili wa mlalo kwa hatua za logi, kuanzia 0.1 hadi 1000, na kila dekadi, yaani kila masafa yanapoongezeka mara kumi, iwe na upana sawa. Ukubwa uuweke kwa desibeli. Sababu ya kuhangaika na logi ni kwamba vipengele vinavyozidishana vinageuka kuwa mistari ya kujumlishwa, na kila `s` katika asili ya sehemu inaleta mstari ulionyooka unaoshuka desibeli 20 kwa kila dekadi. Hendrik Bode aliukuza utaratibu huu miaka ya 1930 akiwa Bell Labs, Marekani, kwa ajili ya vikuza sauti vya simu za masafa marefu. Vikuza hivyo vilitumia mrejesho, na mrejesho ukikosewa kidogo kikuza huanza kupiga kelele chenyewe.

Anzia kwenye masafa 1, kwa sababu hapo `1/s` ina ukubwa wa 1 na kinachobaki ni geini peke yake: 20·log10(20) ni desibeli 26. Weka nukta. Pitisha hapo mstari unaoshuka desibeli 20 kwa dekadi, na ukifika masafa 10 utakuwa kwenye desibeli 6. Hiyo ni kona ya kwanza, basi mteremko unaongezeka kuwa 40 kwa dekadi. Ukifika 100 utakuwa kwenye −34, na kuanzia hapo mteremko ni 60. Mchoro wa ukubwa umekwisha, na hesabu yenyewe ni ya kujumlisha na kutoa tu.

Mstari unakata desibeli sifuri mahali fulani baada ya kona ya kwanza. Kutoka 6 kwa mteremko wa 40 unahitaji dekadi 0.15, na hapo ni masafa 14.1. Mstari mnyoofu ungetaka uishie hapo. Lakini tazama mahali penyewe: 14.1 iko jirani kabisa na kona ya 10, na kwenye kona ndipo mistari minyoofu inapodanganya zaidi. Mkunjo wa kweli hupita desibeli 3 chini ya kona yenyewe, na desibeli 1 chini ya mistari kwenye nusu ya masafa ya kona na kwenye mara mbili yake. Hizo namba mbili, 3 na 1, zinatosha kwa maisha yote. Kwa hiyo kwenye 10 mkunjo uko kwenye desibeli 3 badala ya 6, na kwenye 20, ambako mstari unasema −6, mkunjo uko −7. Unganisha nukta hizo mbili kwa rula na utakata sifuri karibu na 12.3. Hesabu kamili inatoa 12.4. Kwa penseli na rula, sidhani kama kuna wa kulalamika.

Ninalisisitiza hili kwa sababu mahali pa kukata sifuri ndipo penye thamani kuliko pengine popote kwenye mchoro. Kuwa nje kwa desibeli 2 kwenye masafa 500 hakumdhuru mtu.

Mchoro wa fezi unakwenda chini ya huo wa ukubwa, masafa yakiwa yamepangana sawasawa. `1/s` inatoa nyuzi −90 mwanzo hadi mwisho, bila kubadilika. Kila kona inaongeza ucheleweshaji wa kutoka 0 hadi 90, ikiwa na 45 kamili kwenye kona yenyewe. Kwa mistari minyoofu, ucheleweshaji huo unaanza dekadi moja kabla ya kona na kwisha dekadi moja baada yake, kwa mteremko wa nyuzi 45 kwa dekadi. Kona ya 10 basi inafanya kazi kati ya 1 na 100, na kona ya 100 kati ya 10 na 1000. Ukizijumlisha, fezi iko −90 hadi masafa 1, inashuka hadi −135 kwenye 10, kisha kona zote mbili zinavuta pamoja na inafika −225 kwenye 100, halafu inatulia taratibu kuelekea −270. Kosa la mistari hii kwa kona moja halifiki nyuzi 6.

Ona kwamba fezi inaanza kuharibika mapema mno. Kwenye masafa 10 kona ya 100 haijaugusa ukubwa hata kidogo, lakini kwenye fezi imeshachukua karibu nyuzi 6. Wanaotazama mchoro wa ukubwa peke yake hawalioni hilo.

Akiba ya fezi ni nyuzi zilizobaki kabla ya kufika −180, zikisomwa pale ukubwa unapokata sifuri. Hapo ishara inayozunguka kitanzi inarudi na ukubwa uleule iliotoka nao. Ikirudi pia imechelewa nyuzi 180, ile alama ya kutoa ya mrejesho inageuka kuwa kujumlisha, na antena itayumba bila kukoma. Kwa kuwa huo ndio usomaji muhimu, sitegemei mistari minyoofu ya fezi, nachukua kikokotoo:

```
fezi = -90 - atan(12.4/10) - atan(12.4/100)
     = -90 - 51.1 - 7.1 = -148.2
akiba = 180 - 148.2 = 31.8
```

Nyuzi 32 hivi. Kitanzi hakitalipuka, ila sitamkabidhi mteja antena ya namna hii. Kanuni ya haraka ni kugawanya akiba kwa 100 ili kupata uwiano wa kufifisha, yaani kipimo cha jinsi mtikisiko unavyokufa haraka, hapa 0.3, na kwa uwiano huo antena itapitiliza pembe uliyoagiza kwa zaidi ya theluthi moja kabla ya kurudi na kutulia. Sababu unaiona kwenye karatasi: tumekata sifuri kwenye mteremko unaoelekea 40 kwa dekadi. Mteremko wa 20 huambatana na fezi ya karibu −90 na wa 40 na −180, kwa hiyo mimi hupenda mstari ukate sifuri ukiwa bado kwenye 20.

Dawa iliyo rahisi ni kupunguza geini. Geini haiigusi fezi kabisa. Inateremsha tu mchoro wa ukubwa wote kwa pamoja. Tuseme nataka akiba ya 50. Natafuta kwenye mchoro wa fezi mahali palipo na −130, nakuta masafa 7.2, kisha nasoma ukubwa hapo: desibeli 7. Nikiuteremsha mchoro kwa desibeli 7, geini inatoka 20 kuwa 8.9, na sifuri inakatwa pale ninapotaka. Gharama yake ni kwamba antena ikifuatilia kitu kinachozunguka kwa rediani 1 kwa sekunde, itabaki nyuma kwa rediani 1/8.9, yaani 0.11, wakati mwanzo ilibaki nyuma kwa 0.05 tu. Kama kosa hilo halivumiliki, itabidi kuongeza kirekebishaji kinachosogeza fezi mbele karibu na mahali pa kukata, na hiyo ni makala nyingine.

Kuna kitu kimoja ambacho mchoro wa ukubwa hautakuonyesha kamwe, nacho ni ucheleweshaji mtupu. Ukikiendesha kitanzi kwa kidhibiti kidogo cha dijitali, kusoma kihisi, kukokotoa na kutoa amri kunaweza kuchukua milisekunde 30. Ukubwa haubadiliki hata chembe. Fezi inapungua kwa masafa mara muda: 12.4 mara 0.03 ni rediani 0.37, yaani nyuzi 21. Akiba yetu ya 32 inabaki 11, na ucheleweshaji ukifika milisekunde 45 hivi imekwisha kabisa. Kwa geini ya 8.9, milisekunde zilezile 30 zinakula nyuzi 12 tu, kwa kuwa sasa tunakata sifuri kwenye masafa ya chini, na tunabaki na 38.

Mbele ya mtambo wenyewe, jambo hili linapimika kwa saa ya mkononi. Hesabu antena inayumba mara ngapi kwa sekunde. Rediani 12.4 kwa sekunde ni karibu mizunguko miwili kwa sekunde, kwa hiyo mtikisiko wa mwendo huo unakuambia akiba ya fezi ni ndogo na unatakiwa kugusa geini au kutafuta ucheleweshaji. Ikiwa inatetemeka mara kumi au ishirini kwa sekunde, kupunguza geini kunaweza kuituliza, lakini kasoro yenyewe iko kwenye kitu ambacho `L(s)` yetu haina, mara nyingi mhimili unaopinda au mlingoti unaotikisika, na mchoro inabidi uanzwe upya kona hiyo ikiwamo.