Kusahihishana pepa nje ya chumba hakukuambii umefanyaje

Kila Novemba, kidato cha nne wakianza mtihani, nasikia maneno yale yale hapa Dodoma: "Mwalimu, tukitoka lazima tusahihishane, nijue nimesimama wapi." Miaka yote hii bado yananiudhi, maana naona yanavyowaharibia pepa ya kesho.

Ukweli ni kwamba hujui umesimama wapi. Pale chini ya mti jibu linaloshinda ni la mwenye sauti kubwa. Kuna binti alinijia saa 8 mchana, Hisabati imeisha tangu saa 5, kiganja kimejaa majibu ya wenzake kwa kalamu ya bluu. "Shikamoo mwalimu. Nimefeli." Maswali matatu ya sehemu A hayakufanana na ya kundi.

Tukapiga hesabu. Swali moja la sehemu hiyo ni alama 6, matatu ni 18. Hata akipata sifuri kote, na hilo ni gumu kwa sababu hatua nazo hupewa alama, zinabaki 82 za kugombea, na A inaanzia 75. Kisha nikamwomba arudie swali moja. Kundi lilikuwa limeandika log 2 + log 5 = log 7. Yeye alizidisha, akapata log 10, yaani 1. Alikuwa sahihi, na alikuwa amelia saa tatu.

Kesho yake ilikuwa Jiografia. Nikamwandikia jioni yake: nawa hicho kiganja, oga, kula, lala nusu saa. Saa 11 jioni hadi saa 12 na nusu, funga daftari uandike unachokumbuka katika mada tatu, ndipo ufungue ukasome ulichosahau tu. Mada mpya hapana. Saa 2 usiku jibu maswali mawili ya pepa za nyuma, kwa saa ya ukutani. Saa 3 na nusu panga kalamu na rula. Saa 4 taa izimwe, kuamka saa 11 alfajiri. Kila jioni hivyo hivyo, kinachobadilika ni somo.

Wengine huniambia kukesha kunaongeza. Kunapunguza: ulichosoma hukaa vizuri kichwani ukilala. Na kile kinywaji cha kuongeza nguvu cha saa 3 usiku, kafeini yake karibu nusu bado imo mwilini saa 8 usiku. Kunywa maji; joto la Novemba hapa si la mchezo.

Wapo pia wanaodhani pepa moja ikiharibika na mtihani mzima umekwenda. Divisheni hutokana na masomo saba uliyofanya vizuri zaidi.

Wazazi nao, mtoto akifika mlangoni msimuulize "umefanyaje?" Muulizeni kesho ana pepa gani, na inaanza saa ngapi.